Mambo ya kuzingatia kabla ya mtihani: usingizi hupangwa wiki mbili mapema

Wazazi wenzangu, yale ya wazi tuyamalize upesi. Kalamu, rula, namba ya mtihani na nguo za kuvaa viwekwe tayari jioni, si asubuhi. Simu itoke chumbani mwa mtoto, na wewe acha kuchezea yako mbele yake. Kahawa, chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni nusu yake bado inamchezea kichwani saa nne usiku. Hayo mnayajua.

Sasa lile lililonitoa jasho. Mkesha wa mtihani wa binti yangu wa kwanza, saa mbili kamili usiku, nilifunga vitabu vyake kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Kalale, kesho unahitaji kichwa." Siku zote alikuwa akilala saa tano. Nikazima taa, nikajiona mama wa mfano. Saa tatu nikachungulia, macho yako wazi. Saa nne nikachungulia tena: "Jamani, bado tu? Lala basi, kesho mtihani!" Saa sita nikamkuta ameketi kitandani, mikono baridi, tumbo linamsokota, anapiga hesabu kwa sauti: "Mama, nikilala sasa hivi nitapata saa tano. Nikilala saa saba nitapata saa nne." Akapitiwa na usingizi karibu saa tisa, na saa kumi na moja nikamwamsha. Aliporudi alisema swali la kwanza alilisoma mara tatu, kila neno analijua, lakini maneno hayakushikana. Nami, Mungu anisamehe, nikamlaumu yeye kwamba hakujitahidi kulala.

Kosa lilikuwa langu, na sababu yake si ngumu. Usingizi unategemea mambo mawili. La kwanza ni uchovu unaojikusanya tangu mtu alipoamka. La pili ni saa ya mwili, inayojua mtu huyu hulala lini. Saa mbili au tatu kabla ya muda huo wa kawaida, mwili hauko karibu na usingizi hata kidogo. Mara nyingi ndipo unapokuwa macho zaidi. Kwa kijana aliyebalehe ni vigumu zaidi, maana umri huo wenyewe unasogeza saa ya mwili mbele. Ukimlaza mapema usiku mmoja tu, humpi usingizi. Unampa saa tatu za giza, peke yake na hofu yake. Mbaya zaidi, kitanda kinaanza kuwa mahali pa kuogopea.

Kwa mdogo wake nilifanya vingine. Yeye naye alikuwa akilala saa tano usiku na kuamka saa moja asubuhi. Siku za mtihani ilibidi aamke saa kumi na moja na nusu alfajiri, yaani dakika 90 mapema. Basi tulianza wiki mbili kabla. Kila baada ya siku mbili tulirudisha saa ya kuamka nyuma kwa dakika 15, na saa ya kulala ikaifuata vivyo hivyo. Hatua sita, siku 12, akawa analala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na moja na nusu. Hizo ni saa nane kamili, kiasi cha chini kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji tisa hadi 12. Siku mbili zilizobaki tulizitumia kutulia hapohapo.

Shika hapa: kinachovuta mengine ni saa ya kuamka. Huwezi kumwamuru mtu asinzie, lakini kumwamsha unaweza. Akishaamka, fungua pazia au mtoe nje, mwanga wa asubuhi umpige usoni. Huo ndio unaoirudisha nyuma saa ya mwili. Mwisho wa wiki usimwachie alale hadi adhuhuri, utavunja kazi ya siku tano. Akichoka sana, ajinyooshe dakika 20 alasiri, isizidi hapo.

Saa ya mwisho kabla ya kulala iwe na mpangilio uleule kila usiku, hata kama unachosha. Kuchosha ndiko tunakokutaka. Kwetu ilikuwa hivi: vitabu vinafungwa, anaandika kwenye karatasi yale yanayomsumbua na kando yake jambo la kwanza atakalolifanya kesho kuhusu kila moja, anaoga, taa zinapunguzwa. Ile karatasi msiidharau. Siku moja aliandika "hesabu za sehemu nimesahau zote", kando yake "kesho saa kumi, maswali matano ya sehemu". Hofu ilikuwa imepewa miadi, haikumfuata kitandani. Halafu pumzi: kuvuta kwa puani akihesabu hadi nne, kuitoa polepole akihesabu hadi sita, kwa dakika tano hivi. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo. Lakini afundishwe siku ametulia. Ukimletea zoezi hilo kwa mara ya kwanza usiku wa mkesha, utakuwa umemwongezea mtihani mwingine.

Na wewe mzazi, saa hiyo funga mdomo. "Umemaliza mada zote?" si swali la kuulizwa saa tatu usiku. Likikuwasha, liulize saa kumi jioni.

Pamoja na yote hayo, mkesha wenyewe usingizi unaweza kukataa. Mwambie mapema, kabla usiku huo haujafika, kwamba usiku mmoja mbaya haufuti aliyoyasoma, na kwamba mtu aliyelala vizuri wiki nzima ana akiba ya kumvusha asubuhi ile. Si maneno ya kumbembeleza, ndivyo ilivyo. Saa ya ukutani igeuzwe, asione ni saa ngapi. Akikadiria zimepita kama dakika 20 bila kitu, aondoke kitandani, akae penye mwanga hafifu, asome kitu kisichohusu mtihani, arudi macho yakiwa mazito. Wewe usichungulie. Mwanangu alinyanyuka mara moja usiku ule, nikasikia kiti kikisogezwa, nikabana mto masikioni. Hadi leo sijamuuliza alilala saa ngapi.

Usimpe dawa ya usingizi, wala ile ya mafua inayosinzisha. Uzito wake unaweza kumfuata hadi chumba cha mtihani. Usimwache akeshe kwa kuwa wenzake wanakesha. Asubuhi ale anachokizoea, si kitu kipya. Njiani msiulizane maswali. Akitoka mtihani wa kwanza, msisahihishe pamoja majibu yake kabla ya wa pili. Na kama tumbo linamuuma kila asubuhi kwa wiki kadhaa, anakataa kabisa kwenda shule, anabanwa pumzi ghafla mara kwa mara, basi ratiba ya kulala peke yake haitatosha; mpelekeni kwa daktari au mshauri nasaha. Akitamka kwamba heri asingekuwepo, mpelekeni siku hiyohiyo, na msimwache peke yake hata kama kesho ana mtihani.