Jinsi ya kumfundisha mchezaji bila kuandika hata neno moja: tunajenga vyumba vitatu vya kreti linaloelea

Nina gemu langu la mafumbo ya kurukaruka, natengeneza kwenye Godot, na humo ndani kuna makreti ya mbao ambayo yanaelea kwenye maji. Mwanzoni nilikuwa nimeweka kibao kabisa kinasema sukuma kreti majini upande juu yake, afu nikaja kugundua hakuna anayesoma, watu wanabonyeza batani mpaka kibao kipotee ndo wanaendelea. Nikakitoa. Sasa hapa nawaonyesha jinsi nilivyofundisha kitu hichohicho kwa ramani ya levo peke yake, na kosa moja kubwa nililofanya katikati.

Hatua ya 1: andika unachofundisha, afu kikate

Chukua karatasi uandike sentensi moja. Mimi niliandika "kreti linaelea na linanibeba", nikaona fresh. Kumbe hayo ni mambo mawili bwana. Kuna kujua kwamba halizami, na kuna kujua kwamba hata ukipanda juu bado halizami. Mtu anaweza kuona kreti linaelea na asiwahi kufikiria kulipanda, maana kwa akili ya kawaida kreti la soda ukilitupa mtoni ukasimama juu yake mnazama wote wawili. Kwahiyo kila jambo linahitaji sekunde zake za kuonekana, hata kama yote yapo chumba kimoja.

Hatua ya 2: pima mruko wa jamaa yako kabla hujachora kitu

Hii watu wanairuka afu wanashangaa mbona wachezaji wanapita njia ambayo hawakuikusudia. Ile skripti ya mfano inayokuja na Godot 4 kwa CharacterBody2D ina namba hizi, na gravity ya kawaida ni 980:

```
const SPEED = 300.0
const JUMP_VELOCITY = -400.0
```

Piga hesabu:

```
kimo   = 400*400 / (2*980) = 81.6
muda   = 2*400 / 980       = 0.816
umbali = 300 * 0.816       = 245
```

Hizo ni pikseli na sekunde. Vigae vyangu vina pikseli 32, kwahiyo jamaa anaruka juu vigae viwili na nusu, yaani ukuta wa vigae 2 anapanda, wa vigae 3 hapandi hata afanyeje. Kwenda mbele ni vigae 7 na kitu, ila usisahau upana wa mwili wake, anaweza kuruka akiwa amebakiza unyayo mmoja ukingoni na akatua kwa unyayo mmoja upande wa pili. Wangu ana upana wa pikseli 28, ukijumlisha inafika 273, ni kama vigae 8 na nusu. Kwahiyo shimo la vigae 6 anaruka bila wasiwasi, la 10 haliwezekani. Kati ya 7 na 9 mimi sichori kabisa kwenye vyumba vya kufundishia, manake pale mchezaji anabaki anajaribu mruko uleule mara ishirini akidhani ni suala la kulenga tu, na hapo hajifunzi chochote.

Hizi namba ndo kufuli zako. Huna maneno ya kumwambia mtu "usipite huku", una ukuta wa vigae 3 na shimo la vigae 10.

Hatua ya 3: chumba cha kwanza, hakuna kufa na hakuna pa kukimbilia

Mchezaji anaingia kutoka kushoto kwenye korido yenye urefu wa vigae 2 kwenda juu. Kreti nalo ni la 2 kwa 2, limeziba korido yote. Hawezi kuliruka, dari lipo. Kitu pekee anachoweza kufanya ni kuendelea kutembea kulia, jambo ambalo alikuwa analifanya tayari, na kreti linaanza kusogea. Hapo amejifunza kusukuma na hakuna aliyemwambia.

Korido inaishia kwenye bwawa, kreti linaanguka. Bwawa lina upana wa vigae 10, kwahiyo kuruka moja kwa moja haiwezekani, na uso wa maji uko vigae 3 chini ya kingo zote mbili. Kreti likielea linachungulia kigae 1 juu ya maji, kwahiyo kutoka juu yake mpaka ukingo wa kulia ni vigae 2, mruko unatosha kabisa. Maji yana mkondo wa polepole kwenda kulia. Akirukia kreti mapema linambeba mpaka ng'ambo, akichelewa linaenda peke yake likagota ukuta wa kulia, na bado anaweza kulifikia kwa sababu anaruka kwenda chini na mruko wa kwenda chini unafika mbali zaidi. Akianguka majini anazama mpaka chini taratibu, afu kuna ngazi za mawe upande wa kushoto zinamrudisha. Hafi.

Sasa lile kosa. Toleo langu la kwanza bwawa lilikuwa na kina cha kigae kimoja tu, eti nisimtishe mtu. Nikapeleka laptop kwenye banda la gemu mtaani, nikachomeka pedi, dogo mmoja akakaa. Akasukuma, kreti likaanguka, akapanda, akavuka. Sekunde kumi! Nikajisifu kimoyomoyo. Akafika chumba cha pili chenye maji marefu na miiba chini, akajitosa, akafa. Akajitosa tena, akafa. Mara ya nne akaniangalia, "Bro hili gemu lina bagi." Nikamuuliza sasa kile kreti ulichosukuma kule nyuma kilifanya nini? "Si nilikitumia kama ngazi."

Ndo ujue, alikuwa amefundishwa vizuri sana, ila somo lingine. Kwenye kina cha kigae kimoja kreti la vigae viwili limekaa sakafuni, kwahiyo alichokiona ni jiwe la kukanyagia, na tena nilimfundisha kwamba maji ya gemu hili ni mafupi. Kufaulu kwake ndo kulinidanganya.

Nilichobadilisha: kina kikawa vigae 5, sakafu ya bwawa inaonekana kabisa kwa macho na ina mawe ili ujue kule ni mbali, na kreti likianguka linazama lote kwanza, linakaa kama nusu sekunde, ndo linaibuka na kucheza juu chini. Ile nusu sekunde ni muhimu kuliko yote. Mchezaji anaona limeenda, anakata tamaa kidogo, afu linarudi. Na ukilikanyaga linadidimia kidogo afu linainuka tena, hiyo ndo inajibu lile jambo la pili, kwamba linakubeba.

Angalia na kamera pia. Saizi ya dirisha ya kuanzia kwenye Godot 4 ni 1152 kwa 648, kwa vigae vya 32 ni 36 kwa 20 hivi. Bwawa zima, ukingo wa kulia na mdomo wa korido vyote viwe ndani ya hiyo picha moja. Kreti likiibuka nje ya skrini ni kama halijaibuka.

Hatua ya 4: chumba cha pili ndo mtihani

Chumba cha kwanza hakithibitishi kitu, maana mle hakukuwa na njia nyingine. Cha pili unatoa dari, na kreti unaliweka pembeni, nyuma ya pale mchezaji anapoingilia, vigae 5 kushoto. Mbele kuna bwawa lilelile la vigae 10 ila chini kuna miiba. Akitaka kuvuka lazima ageuke, arudi, azunguke nyuma ya kreti, alisukume kwa makusudi. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati. Akifanya, ameelewa. Weka chekipointi pale mlangoni, akifa asirudishwe mbali.

Huu mtindo wa jambo lilelile kwanza salama afu kwa hatari ni wa zamani, upo kwenye levo ya kwanza kabisa ya Super Mario Bros. ya 1985. Karibu na mwisho kuna ngazi mbili zinazotazamana na katikati ni ardhi, ukikosea unaanguka tu unapanda tena. Unasogea kidogo unakuta ngazi mbili nyingine kama zile, ila katikati ni shimo.

Hatua ya 5: chumba cha tatu, geuza kidogo

Hapa nabadilisha kitu kimoja tu, maji yanapanda. Bwawa ni kavu, kreti limekaa chini kwenye sakafu, mlango uko vigae 8 juu. Kuna swichi, ukiigonga maji yanaanza kujaa kwa sekunde 5. Wengi wanagonga, wanasimama kutazama, kreti linapanda bila wao, wanacheka. Wanagonga tena maji yashuke, na raundi ya pili wanagonga afu wanakimbilia juu ya kreti. Ile raundi ya kwanza "iliyoharibika" ndo maelezo yenyewe, kwahiyo usiiadhibu, na hakikisha swichi inarudi.

Hatua ya 6: testi, na ufunge mdomo

Kaa nyuma ya mchezaji, sio pembeni, akigeuka asikuone uso. Usijibu. Mimi naandika vitu viwili tu: amekaa sekunde ngapi bila kugusa kitu, na amerudia kosa lilelile mara ngapi. Akitulia anaangalia skrini, mwache, anafikiria. Akirudia kosa moja mara tatu bila kubadilisha chochote, basi anaamini kitu cha uongo na wewe ndo umemfundisha, kwahiyo usirekebishe chumba alichokwama, rudi chumba cha nyuma utafute ni wapi ulimwonyesha hivyo. Mimi miiba ya chumba cha pili niliihangaikia siku mbili, nikapunguza, nikaongeza taa, wakati ugonjwa ulikuwa kina cha bwawa la kwanza.

Na mtu mmoja unamtumia mara moja tu. Yule dogo wa kwanza hafai tena, ashajua. Toleo lililorekebishwa nilitafuta wengine watatu, na mmoja wao alikuwa hajawahi kushika pedi kabisa, huyo ndo alinionyesha kitu ambacho levo haiwezi kukifanya: alisimama mbele ya swichi anaitazama, anajua kabisa kwamba inagongwa, ila hajui kwa batani gani. Ramani haiwezi kumwambia hilo. Nilichofanya ni kufuta batani ya swichi, sasa inagongwa kwa kuirukia.