Kabla hujalipa kozi ya lugha, omba kukaa darasani siku moja

Mjini Unguja kozi za Kiitaliano na Kiingereza zimejaa, hasa kwa vijana wanaotafuta kazi za hoteli. Usilipe kabla hujaingia darasani ukasikiliza nani anaongea. Kipindi cha dakika 60 chenye wanafunzi 30, mwalimu akisema nusu ya muda, kila mmoja anabakiwa na dakika moja tu. Labda awapange wawili wawili waulizane bei ya chumba au njia ya kwenda Darajani. Hapo hata darasa kubwa linafaa. Kama wote wananakili ubaoni, tafuta kwengine. Vitabu vya fotokopi havina ubaya, ila uliza sauti za kusikiliza zipo wapi.

Kisha soma risiti. Ukiona "ada hairudishwi", omba waandike hesabu ya kila mwezi. Kozi ya miezi mitatu kwa 180,000 ni 60,000 kwa mwezi. Mwalimu akiondoka baada ya mwezi wa kwanza, unadai 120,000. Waandike pia kama Ramadhani, vipindi vikisimama, inahesabiwa. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.