Mantoux: pima ugumu, achana na wekundu

Wanafunzi wanaokuja kliniki yetu ya kifua hapa Malindi hukosea palepale kwenye Mantoux, kipimo cha ngozi cha kujua kama mtu ameambukizwa TB: wanapima wekundu. Tumfuate mtoto mmoja wa miaka 4, ambaye baba yake, mvuvi, ameanza dawa za TB.

Hatua ya 1: choma. Vuta mililita 0.1 ya tuberkulini. Laza sindano kwenye ngozi ya mkono, upande wa ndani, tundu likitazama juu. Paumuke kilengelenge cheupe cha milimita 6 hadi 10. Pasipoumuka, dawa imepita chini ya ngozi. Rudia mahali pengine.

Hatua ya 2: subiri saa 48 hadi 72. Usisome mapema. Tuberkulini ni protini za bakteria, haina bakteria hai. Seli za dendritiki ngozini huzimeza, huzikatakata, kisha hupachika vipande kwenye molekuli za MHC za daraja la pili, vishikio vya kuonyeshea vipande, na kuvitoa nje. Seli T, askari wa kinga ya mwili, haina habari na protini nzima. Ni kama mteja asiyejua papa mzima, anajua kipande tena kikiwa juu ya meza ya muuzaji. Kipokezi chake hugusa kipande na MHC kwa pamoja. Zinkernagel na Doherty waliligundua jambo hili kwa panya mwaka 1974: seli T za panya ziliua seli zenye virusi, lakini virusi vilevile vikiwa ndani ya seli zenye MHC ya kigeni, hazikuzigusa.

Aliyekwisha ambukizwa TB ana seli T za CD4 zenye kumbukumbu. Chache zikikitambua kipande humwaga interferoni gama na kuita makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, na wenzao kutoka kwenye damu. Safari hiyo ndiyo inayokula siku mbili. Zikijazana, ngozi inakuwa ngumu. Wekundu ni mishipa iliyotanuka tu.

Hatua ya 3: pima. Sukuma ncha ya bairo polepole kutoka nje kuelekea katikati mpaka igome, weka alama. Fanya hivyo upande wa pili, kisha pima kwa kukata mkono kimapana.

Mtoto wetu: wekundu milimita 21, ugumu milimita 13. Tunaandika 13. Mama yake akashtuka, "Dawa imemdhuru?" La, mama, ni askari wake wamefika. Mpaka wetu wa kusema ameambukizwa ni 10; kwa mwenye HIV au utapiamlo mkali ni 5, kwa sababu askari wenyewe wamepungua. Hata sifuri kwa mtu kama huyo haimsafishi. Chanjo ya BCG nayo inaweza kuinua ugumu kidogo, maana vipande vyake vinafanana na vya TB.

Picha ya kifua ilikuwa safi na hakuwa na dalili, akapewa dawa za kinga. Dada yake wa miaka 10 alisoma sifuri. Baba alianza kukohoa mwezi mmoja tu uliopita, na seli za kumbukumbu huchukua wiki 2 hadi 8 kujitokeza. Nimempangia arudi kuchomwa tena baada ya wiki 8.