Mfuatano unaofika kwenye kikomo chake

Mwanafunzi akishikilia kwamba mfuatano hukaribia kikomo bila kukifika, usibishane naye kwa 1/n, maana ndiyo iliyompa wazo hilo. Mwandikie 5, 5, 5, 5, … kisha muulize: kuanzia hatua ya ngapi namba zote ziko ndani ya 0.01 kutoka 5? Atajibu ya kwanza. Punguza iwe 0.0001, jibu ni lilelile. Sharti la kikomo ni kwamba, kuanzia hatua fulani, umbali kati ya namba ya mfuatano aₙ na kikomo L uwe mdogo kuliko ε yoyote kubwa kuliko sifuri uliyoichagua: |aₙ − L| < ε, na tofauti ya sifuri inalitimiza. Kinachotuponza ni neno "kukaribia": kwa lugha ya kila siku, anayekaribia hajafika.

Wengine hulalamika kwamba huo si mfuatano, "haubadiliki". Hapo mpe 10/n ukitupa desimali: 10, 5, 3, 2, 2, 1, 1, 1, 1, 1, 0, 0, 0… Kuanzia n = 11 ni sifuri tupu, na kikomo ni 0.

Dondoo hii hugeuka mtego mwanafunzi akidhani kugusa namba kunatosha. 1, 0, 1, 0, … unagusa sifuri kila mara ya pili, lakini hautulii, kwa hiyo hauna kikomo.