SOMO: HDD au SSD ya kutunzia video za harusi? Nimechoka kujibu inboksi

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa swali hili mara tano, na watatu kati yao ni wapiga video wenzangu wa hapa hapa Tanga. Naandika mara moja. Atakayekuja tena inboksi nitamtumia uzi huu.

Kwa asiye na muda: SSD ni ya kufanyia kazi, HDD ni ya kutunzia, na HDD ziwe mbili.

1. Jua mzigo wako. Harusi moja ya kamera mbili inanilia GB 80 hivi. Nikipiga tatu kwa mwezi ni GB 240, na kwa mwaka inakaribia TB 2.9. Mwezi wa Ramadhani nakaa bure, Mfungo Mosi nafidia. Diski ya TB 4 inanimalizia mwaka na nafasi inabaki.

2. Gawa bei kwa TB. Bei ya boksi inadanganya. Tuseme HDD ya TB 4 umetajiwa 440,000: TB moja ni 110,000. SSD ya TB 1 umetajiwa 300,000, basi hiyo ndiyo bei ya TB moja. Sasa mzigo wangu wa mwaka, kopi mbili: HDD mbili ni 880,000. Kwa SSD za TB 1 nitahitaji sita, 1,800,000. Weka bei za duka lako, zinapanda na kushuka, ila kila nilipopiga hesabu hii HDD imetoka chini kwa mbali.

3. Umri. SSD inachoka kwa kuandikiwa. Kwenye maelezo yake tafuta TBW, yaani jumla ya TB ambazo mtengenezaji anazidhamini kuandikwa. SSD nyingi za kawaida za TB 1 zina 600 hivi. Mimi hata nikihesabu kila harusi mara tatu kwa ajili ya uhariri, naandika TB 9 tu kwa mwaka. Kwa hiyo anayekutisha kwamba SSD itaisha kwa kuandikiwa harusi, mwache aongee. HDD inachoka kama pikipiki: mota, beringi, kichwa cha kusomea. Yangu ikitimiza miaka mitano naistaafisha, hata kama inapumua vizuri.

4. Diski ikiwa kabatini bila umeme. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu.

Nilipata SSD ya mtumba kwa bei ya kutupa. Ilikuwa imefanya kazi kwenye mashine ya kamera za ulinzi, inaandikwa usiku na mchana. Programu ya kupima diski, CrystalDiskInfo, ilinionyesha afya asilimia 9. Nikajiambia: mimi siandiki, natunzia tu, itanitosha. Nikamwaga humo harusi nne, nikafuta kwenye kompyuta ili nipate nafasi, nikaiweka kwenye droo ya chumba changu cha Makorora. Juu ni bati tupu, mnajua joto la Januari. Ikakaa miaka miwili na ushee bila kuchomekwa popote.

Akaja dada mmoja, mama yake amefariki, anataka kipande mama anapomtunza ukumbini. Nikachomeka. Folda ikafunguka, majina ya faili yote yapo, nikashusha pumzi. Kuanza kukopi, mstari unakwenda, unasimama, unakwenda, halafu: `Data error (cyclic redundancy check).` Kati ya faili 31 za harusi ile, 12 hazikusomeka. Kipande cha kutunza kilikuwa humo.

Sababu ni hii. SSD inatunza data kwa chaji ya umeme iliyofungiwa ndani ya vijumba vidogo sana, na chaji ile huvuja polepole. Kadiri diski ilivyochakaa na kadiri inavyokaa kwenye joto, ndivyo inavyovuja haraka. Kiwango cha JEDEC, wale wanaopanga viwango vya chipu, kwa SSD za watu wa kawaida kinataka iliyomaliza umri wake wa kuandikwa ishike data mwaka mmoja tu bila umeme, tena kwenye nyuzi 30. SSD mpya inashika muda mrefu zaidi ya hapo, lakini yangu haikuwa mpya, na chumba changu hakikuwa nyuzi 30. HDD inatunza kwa sumaku, na sumaku haivuji hivyo.

ONYO: usiiache kopi ya pekee kwenye SSD iliyozimwa. ONYO la pili: SSD ya mtumba usiitunzie kitu. ONYO la tatu: usifute kwenye kompyuta mpaka kopi mbili ziwepo na umezifungua.

5. Kopi, usikate. Kwenye Windows:

```
robocopy "D:\Harusi" "F:\Harusi" /E /R:1 /W:1
```

Msiongeze `/MIR` kwa kuiga mtandaoni. Hiyo inafuta kule unakopeleka kila kisichokuwepo unakotoa.

6. HDD moja kwako, ya pili nyumba nyingine. Kila miezi sita zichomeke, zisome.

MASWALI

Chuma cha Chumbageni: Mkuu somo zuri, kwa hiyo ninunue ipi?

Mwandishi: Aya ya pili kutoka juu, bosi.

Dogo Janja 21: Nimeona mtandaoni SSD ya nje ya TB 16 kwa 45,000. Niagize?

Mwandishi: Gawa bei kwa TB, kama nilivyoandika. Shilingi 2,800 kwa TB, nani anauza hivyo? Hiyo ni flashi ndogo imevishwa kanzu, imefundishwa kuidanganya kompyuta ukubwa wake. Ikijaa, inaandika juu ya faili za zamani huku majina yanabaki. Ukishaingia mkenge, h2testw itakuonyesha: inaijaza yote, kisha inasoma kama kilichoandikwa ndicho kilichorudi.

Mwana wa Raskazone: Mimi HDD ilikufa baada ya miezi minne. SSD yangu ina miaka sita. Somo limepitwa na wakati.

Mwandishi: HDD ilianguka?

Mwana wa Raskazone: Mara moja tu, ikiwa inakopi.

Mwandishi: Haya. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani inayozunguka, wewe ukaiangusha hapo hapo. Ndiyo maana nimesema mbili.

Mama Sadiki Studio: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Pangani, nina HDD ya miaka mitatu. Nitajuaje inaanza kuugua kabla haijafa?

Mwandishi: Marahaba dada, hili ndilo swali. Fungua CrystalDiskInfo, tazama mistari mitatu: 05, C5 na C6. 05 ni sehemu mbovu ambazo diski imeshazihama. C5 ni zile inazozishuku, C6 ni zilizoshindikana kusahihishwa. Safu ya mwisho iwe sifuri zote. 05 ikiwa na namba ndogo isiyobadilika, ichunguze kila wiki. Ikipanda, au C5 ikitokea, kopi siku hiyo hiyo. Angalizo: programu inaandika namba kwa mtindo wa kompyuta, ukiona 64 ni 100. Nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC]. Na ukisikia tik, tik, tik, usiendeshe `chkdsk`. Chomoa, mpe fundi wa kuokoa data.

Mama Sadiki Studio: Nimeangalia. 05 ni 8, nyingine sifuri.

Mwandishi: Andika 8 na tarehe kwenye karatasi, bandika juu ya diski. Na anza kutafuta ya pili.

Fundi wa Ngamiani: Naongezea. Huku pwani chumvi inakula meno ya USB. Mimi naweka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye boksi za viatu.

Chuma cha Chumbageni: Mchele haufai?

Fundi wa Ngamiani: Mchele una vumbi. Pika.

Mwandishi: Na ile HDD tupu isiyo na kasha, yenye kitundu kilichoandikwa usizibe, msikipige gundi. Inapumulia hapo.