Somo: Kuondoa vitu vinavyokera kwenye picha ya shindano la asili

Tuchukue picha moja. Mdiria ametua kwenye tawi. Unyasi umejipenyeza pembeni kushoto, nyuma yake jani linang'aa kupita kiasi, na angani kuna vidoa vya kijivu. Shindano linafuata kanuni ya picha za asili ya mashirika ya upigaji picha FIAP na PSA. Kanuni hiyo haijali kitu kinakukera kiasi gani. Inajali kimetoka wapi. Kilicholetwa na kamera kinafutika. Kilichokuwa mbele ya lenzi kinabaki, labda ukiache nje kwa kukata kingo.

1. Vidoa. Kuza picha hadi 100%, kisha fungua nyingine za mfululizo huohuo. Kidoa kikibaki palepale kwenye fremu ingawa umeelekeza kamera kwingine, ni vumbi la kihisi; futa. Kikihama, huenda ni mdudu, mwache. Ukipiga kwa f/16 vumbi hujitokeza kuliko kwa f/4.

2. Unyasi. Kata ukingo wa kushoto. Kama ukikata utagusa mkia wa ndege, chagua picha nyingine au kubali unyasi ubaki. Usiufute kwa zana yoyote, hata ukiwa mwembamba kama uzi.

3. Jani. Lipunguze mwanga, lakini komea pale ambapo mtazamaji bado anaona ni jani. Ukilizamisha kwenye weusi hadi lipotee, umeliondoa, hata kama hukugusa zana ya kufutia.

4. Faili la RAW. Litunze. Mashindano makubwa huliomba kwa waliofika hatua za mwisho na kulilinganisha na ulichotuma. Mwaka 2012 picha ya Mto Ganges iliyoshinda kipengele cha maeneo katika shindano la National Geographic ilienguliwa kwa sababu ya mfuko uliofutwa pembeni. Mfuko wenyewe haukuwa na uzito wowote: ungeachwa au kukatwa pamoja na ukingo, ushindi ungebaki.

Maswali ya wanachama

*Napiga chini ya maji. Chembe nyeupe zinazomulikwa na flashi je? Si kamera ndiyo imezileta?*

Flashi imezimulika tu, chembe zilikuwemo majini. Kanuni ya shindano la Wildlife Photographer of the Year inataja waziwazi kwamba kuziondoa hakuruhusiwi, pamoja na mapovu. Dawa yake ni wakati wa kupiga: peleka flashi mbali na lenzi, pembeni.

*Kuunganisha picha kadhaa ili zote ziwe kali?*

Kwa FIAP na PSA, kurundika fokasi kunaruhusiwa, ila panorama ya kuunga vipande hairuhusiwi. Wildlife Photographer of the Year wanapokea zote mbili, mradi vipande vyote vimepigwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasisitiza usome kanuni za shindano lenyewe.

*Ndege wangu ana pete ya watafiti mguuni. Inaharibu uasilia, niifute?*

Iache. Kanuni ya FIAP na PSA inakubali pete za kisayansi kwenye picha. Ukiifuta ndipo utaenguliwa.