Kabla hujalipia pikipiki ya nje, omba namba ya fremu

Picha za tangi linalong'aa hazitoshi. Mwambie muuzaji akupigie picha namba iliyogongwa kwenye fremu, pale shingo ya usukani. Pikipiki nyingi za soko la ndani la Japani zina namba fupi, si ile ya herufi na tarakimu 17: Honda CB400 Super Four, kwa mfano, huweza kuanza na NC39 au NC42. Ulizia ofisi ya usajili kama wanaipokea, na kama kuna ukomo wa umri wa pikipiki.

Namba hiyohiyo mpelekee muuza spea. Cheni na matairi hayasumbui. Muulize gasketi za injini na waya wa klachi. Akianza kusema "tutatafuta", mimi ningeiacha.

Ushuru nao kwa kawaida hupigwa juu ya bei, usafiri na bima kwa pamoja. Tuseme dola 1,000 + 400 + 20 = 1,420. Ushuru ukiwa asilimia 25 ni 355, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya 1,775, yaani 319.50. Forodha wakiona bei yako ni ndogo mno, wanaweza kuikataa na kutumia makadirio yao.